Alama ya kijani haikuambii ripoti imebakiza dakika ngapi

Januari mwaka jana meneja wa duka letu la Makambako alinipigia simu saa mbili asubuhi. "Kaka, ripoti yako inasema nina mifuko 340 ya mbolea ya CAN. Njoo unionyeshe ilipo, maana wateja wamejaa hapa na mimi stoo naona sakafu tu."

Mifuko ilikuwa imeuzwa siku tatu nyuma. Ripoti ndiyo iliyokuwa imegandia pale. Nafanya kazi Mbeya mjini, kwa msambazaji wa pembejeo mwenye maduka hadi Iringa, na ripoti zetu zote ziko Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti. Kila usiku saa nane inafanyika rifreshi: data ya mauzo inavutwa upya kutoka kwenye seva yetu. Kwa leseni yetu ya Pro, rifreshi moja haitakiwi kuzidi saa mbili. Ikifika dakika ya 120 haijaisha, inakatwa, na ripoti inabaki na data ya zamani. Ikishindwa mara nne mfululizo, ratiba yenyewe inazimwa. Sisi tulikuwa mara ya tatu. Barua pepe za kushindwa zilikuwa zinaenda kwa mwenzangu aliyekuwa likizo.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa naifungua ile historia ya rifreshi karibu kila wiki. Kijani, kijani, kijani. Sikuwahi kutoa saa ya kuanza kwenye saa ya kumaliza. Nilipoanza kutoa, nikakuta siku zilizotangulia zilikwenda hivi: 109, 104, 117, 106, 111. Ukiitazama safu hiyo utasema ni mtandao tu, leo mzuri kesho mbaya. Lakini kwenye daftari langu la Septemba, siku niliyokabidhi ripoti ile, nilikuwa nimeandika "dakika 52". Ndani ya miezi minne muda ulikuwa umeongezeka mara mbili bila mtu kuona.

Hapo ndipo penye mtego. Ukiomba historia kupitia API, yaani mlango wa kuiuliza Power BI kwa amri, rekodi zilizozidi siku tatu zinafutwa zikishakuwapo mpya zaidi ya 20. Ripoti inayorifreshi mara moja kwa siku inakuachia kama wiki tatu tu za nyuma. Na ndani ya wiki tatu muda hupanda dakika chache, wakati tofauti ya usiku mmoja na mwingine peke yake ni dakika kumi na zaidi. Mlima upo, ila umefunikwa na vichuguu. Kwa hiyo ukitaka kuuona lazima uweke kumbukumbu zako mwenyewe, nje ya Power BI.

Mimi kila Jumatatu naendesha hii kwenye PowerShell:

```powershell
Connect-PowerBIServiceAccount
$u = "groups/$g/datasets/$d/refreshes?`$top=20"
$r = Invoke-PowerBIRestMethod -Method Get -Url $u | ConvertFrom-Json
$r.value | Where-Object status -eq 'Completed' |
  Select-Object requestId, startTime, @{n='dakika';e={
    ([datetime]$_.endTime - [datetime]$_.startTime).TotalMinutes}} |
  Export-Csv rifreshi.csv -Append -NoTypeInformation
```

`$g` ni namba ya eneo la kazi na `$d` ni ya data yenyewe. Zote zinaonekana kwenye anwani ukifungua ukurasa wa data yenyewe, si wa ripoti. Rekodi zitajirudia kila wiki, basi zifute kwa kuangalia `requestId`. Saa zinazotoka ni za UTC, saa tatu nyuma ya zetu, hivyo saa nane yetu ya usiku inaandikwa 23:00 ya jana yake, usishtuke. Na ile sharti ya `Completed` usiiondoe. Rifreshi iliyoshindwa dakika ya nne kwa sababu umeme ulikatika itakushushia namba, uone kazi imekuwa nyepesi kumbe haikufanyika.

Baada ya hapo sihesabu wastani. Napanga dakika za siku saba kuanzia ndogo hadi kubwa, nachukua ya nne, yaani ya katikati. Usiku mmoja mbaya hauwezi kuisogeza sana namba hiyo. Pembeni naandika ile kubwa kuliko zote, kwa sababu ukomo haukati wiki ya kawaida, unakata usiku mbaya.

Sasa nikupe mfano wa ripoti yetu ya pili, ile ya mizigo ya stoo. Kuanzia katikati ya Juni, namba za katikati kwa wiki sita zilikuwa 64, 66, 67, 70, 71, 73. Dakika tisa ndani ya hatua tano, yaani kama 1.8 kwa wiki. Usiku mbaya ulikuwa unaizidi namba ya katikati kwa dakika 15 hivi, kwa hiyo ukomo wangu wa kweli si 120, ni 105. Kutoka 73 hadi 105 ni 32. Gawanya kwa 1.8, unapata takriban wiki 18. Hiyo inatupeleka mwishoni mwa Novemba.

Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba mizigo itaendelea kuingia kwa kasi ya Julai. Huku kwetu mvua zinaanza Novemba, na kuanzia Oktoba malori ya mbolea ya kupandia hayalali. Mistari ya data inaongezeka haraka kuliko wakati wa kiangazi. Nikakata wiki zangu nusu nikajiambia: mwisho Septemba.

Kabla ya kutibu nilitaka kujua kinachokua ni nini. Niligawa dakika kwa idadi ya mistari ya jedwali kubwa. Uwiano ulikuwa uleule wiki zote sita, kwa hiyo tatizo lilikuwa wingi wa data, tunavuta miaka yote upya kila usiku. Kama uwiano ungepanda ningetafuta kwingine, mfano bekapu ya seva inayogongana nasi saa nane. Na kama muda ungeruka ghafla kutoka 66 hadi 90 usiku mmoja, ningemtafuta mtu aliyegusa kwiri, ile amri inayovuta data.

Dawa ya wingi ni kurifreshi sehemu ya mwisho tu na kuacha miaka ya nyuma ilivyo. Unaweka parameta mbili, `RangeStart` na `RangeEnd`, unachuja jedwali kwa tarehe, unachagua kipindi cha kurifreshi. Hata Pro inakubali. Lakini rifreshi ya kwanza baada ya kuiweka huvuta historia yote, na kwa Pro nayo inabanwa na saa mbili zilezile. Ile ya Januari ilinitoa jasho hapo: ilishakuwa nzito kiasi kwamba hata dawa haikupita, ikabidi nikate mwaka mzima wa data ndipo ikubali. Ya stoo niliiwahi Septemba ikiwa kwenye 80 na kitu, ikapita mara ya kwanza. Usiku uliofuata ilimaliza kwa dakika 19.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua kipindi. Karani akiingiza risiti yenye tarehe ya nyuma ya kipindi hicho, ripoti haitaiona kamwe. Nilipitia mwaka mzima nikitafuta iliyochelewa kuliko zote: kitabu cha duka la Tukuyu, kilikaa wiki saba kwenye droo. Nikaweka miezi mitatu.