Longonot ni kilomita 13, lakini si saa tatu kasoro

Mara ya kwanza kupanga safari ya Mlima Longonot nilifanya hesabu nikiwa ndani ya matatu, kabla hata hatujapita Uthiru. Kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo wote ni 7.2, kisha unarudi kwa njia ile ile ya 3.1. Jumla ni 13.4. Mtu hutembea kilomita 5 kwa saa, basi nikawaambia wenzangu tutamaliza kwa saa tatu kasoro. Tulifika getini tukimulikiana kwa tochi za simu, na dada mmoja hakunisemesha hadi tulipofika Nairobi.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu umbali peke yake. Wewe unayeanza kupanda milima, au uliyepewa kazi ya kuongoza wenzako wa ofisini Jumamosi, kuna kanuni ya zamani itakayokufaa. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliandika kwamba uhesabu saa moja kwa kila maili 3, kisha uongeze saa nyingine kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa vipimo vyetu ni takriban kilomita 5 kwa saa, pamoja na dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kumbuka Naismith alikuwa anamfikiria mtu mwenye mazoezi, asiyesimama njiani. Kwa kundi la Nairobi lililokaa kwenye viti wiki nzima, mimi natumia kilomita 4 kwa saa, yaani dakika 15 kwa kilomita.

Sasa turudi Longonot. Kilomita 13.4 mara dakika 15 ni dakika 201.

Upande wa kupanda ndipo wengi hupotea. Geti liko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,150 na kilele kiko 2,776, kwa hiyo mgeni hutoa hesabu, anapata mita 630 hivi, anafunga daftari. Lakini ukingo wa kreta haujalala kama ukingo wa sufuria. Unapanda kilima kimoja, unashuka, unapanda kingine, na kila mita unayoshuka ukaipanda tena inadai dakika zake upya. Jumlisha vipande vyote vya kupanda kwenye ramani, usitoe tu mwinuko wa chini kwenye ule wa juu. Kwa mzunguko huu mimi nahesabu mita 800, na hizo ni dakika 80. Tumefika 281.

Halafu kuna mahali penye mwinuko mkali. Dakika 10 kwa mita 100 zinatosha pale unapoweza kupanda huku unaongea. Pale unaposhika jiwe kwa mkono, kama kwenye kipande cha mwisho kuelekea kileleni, mimi nahesabu 15. Kipande hicho nakipa mita 200, kwa hiyo naongeza dakika 10.

Kushuka nako kuna hila yake. Watu wengi hudhani kushuka ni kupumzika. Mteremko wa taratibu kweli unakuokolea muda, lakini ukizidi nyuzi 12 hivi, yaani unashuka zaidi ya mita 21 kwa kila mita 100 za kwenda mbele, unaanza kwenda polepole kuliko tambarare. Desturi ni kuongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za mteremko wa namna hiyo. Longonot ina vumbi la volkano lililolegea, na mtu mwenye raba za kutembelea mtaani huteleza, akaanza kushuka kiubavuubavu kama kaa. Naongeza dakika 10 za kushuka, na kundi likiwa na raba nyingi naongeza 20. Tuchukue 10. Jumla ya kutembea ni dakika 301, sawa na saa tano.

Mpaka hapa hakuna aliyekunywa maji. Kanuni haihesabu mapumziko, na hata app za simu mara nyingi huonyesha muda wa kutembea tu, zikiacha ule uliokaa. Usinakili muda wa rafiki yako kutoka kwenye app bila kuuliza ni upi kati ya hiyo miwili. Mimi naweka mapumziko manne ya dakika 10, na nusu saa ya kula kileleni. Hizo ni 70. Safari nzima sasa ni dakika 371, saa sita na dakika 11.

Mapumziko ya kundi yana ujanja wake. Walio mbele hukaa, wanapumzika dakika 10, na mtu wa mwisho anafika wakati wao wanainuka. Huyo hapumziki kamwe, na kila kilomita anazidi kuchoka. Anza kuhesabu dakika 10 pale wa mwisho anapokaa. Ndiyo, mapumziko yatakuwa marefu kuliko ulivyopanga, lakini kasi ya kundi ni kasi yake yeye, utake usitake.

Makadirio haya yote ni ya kuanzia tu. Jambo linalonisaidia zaidi ni kuyapima njiani. Kutoka geti hadi ukingoni ni kilomita 3.1 na kama mita 400 za kupanda: dakika 47 na 40, pamoja na pumziko moja, jumla 97. Naiandika kwenye karatasi kabla ya kuondoka, kisha tukifika ukingoni natazama saa.

Mwaka jana basi letu lilichelewa kuchukua watu, mmoja pale Westlands, wengine Kinoo, tukaanza kupanda saa nne na nusu asubuhi. Ukingoni tulifika saa sita na dakika 40. Tulitumia dakika 130 badala ya 97, yaani theluthi moja zaidi. Sasa, mtu aliyechelewa theluthi kwenye kipande cha kwanza hatapona kwenye kipande cha pili akiwa amechoka zaidi. Zilibaki dakika 274 za mpango. Nikaongeza theluthi yake, zikawa 365, saa sita na dakika tano. Ukijumlisha na saa sita na dakika 40, tungerudi getini saa kumi na mbili na dakika 45 jioni. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, na giza haliji taratibu kama nchi za mbali, linaanguka. Na hapo sikuwa nimehesabu kifundo cha mguu hata kimoja kilichoteguka.

Nikawaambia hatuzunguki. Kijana mmoja wa idara ya hesabu alisema, "Lakini kiongozi, kilele si kile pale tu?" Nikampa karatasi ajumlishe mwenyewe. Akajumlisha, akainama tena, akanirudishia bila neno. Tulikula pale pale ukingoni tukitazama msitu ulio chini ndani ya kreta, tukaanza kushuka saa saba na dakika 20. Kwa hesabu ya karatasi kushuka kulikuwa dakika 47, nikaongeza theluthi, nikawaambia takriban saa moja. Tulifika getini saa nane na dakika 25.