Anaongea na Asiyekuwapo? Mguse Kwapani

Nimefanya kazi ya uuguzi zahanati za vijijini miaka mingi, na mtu akiletwa anaweweseka, kabla sijauliza lolote namtia mkono kwapani. Mlevi hutoka jasho. Aliyevuta dawa ya kunyunyizia mazao hulowa jasho, hutokwa na mate, na mboni zake husinyaa. Aliyekula mnanaha, mmea wa porini wenye sumu, ni mkavu kabisa: kwapa kavu, ulimi mkavu, ngozi ya moto, mboni kubwa, moyo unakimbia.

Mama mmoja alimleta mumewe akisema kapandwa na mashetani. Alikuwa anachuma vitu hewani kwa vidole na kumjibu kaka yake aliyekwisha kufa. "Mama, jioni mlikula nini?" Mchicha wa porini, akasema, yeye mwenyewe alionja kidogo tu, na macho yake yalikuwa yakiona ukungu. Majani machanga ya mnanaha yalichumwa pamoja na mboga.

Sumu yake, skopolamini na atropini, huzuia asetilikolini, kemikali ambayo neva hupelekea ujumbe. Tezi za jasho zisipopata ujumbe huo, joto hubaki mwilini, ndiyo maana wengine huvua nguo. Kibofu hujaa bila kukojoa. Ubongo nao huitegemea kemikali hiyo ili kuwa makini na kuweka kumbukumbu. Kwa hiyo mgonjwa hajui kwamba anachokiona hakipo. Atamkimbia simba wa kuwazia hadi barabarani au kisimani. Kesho yake msimbane akumbuke alichofanya, maana ubongo haukukihifadhi.

Mbegu ni hatari zaidi kwa sababu hujificha kwenye nafaka. Karamoja, Uganda, mwaka 2019, unga wa lishe wa msaada uliochanganyika na sumu hizi uliwapeleka hospitali watu karibu 300, na 5 wakafa. Soya na mahindi yako yapepete na kuchambua mbegu nyeusi bapa. Kupika hakuondoi sumu.

Mgonjwa akiwa kwenu, msimfunge kamba. Akipambana, joto hupanda, na joto ndilo linaloua. Mkalisheni penye utulivu na mwanga kidogo, mtu mmoja anayemfahamu azungumze naye polepole, mpanguseni kwa kitambaa chenye maji. Msimtapishe wala kumnywesha maziwa kwa nguvu, anaweza kupaliwa. Mwahisheni hospitali, na mbebe chakula kilichobaki.

Kwa wenzangu wa zahanati: acheni kloropromazini na promethazini, kwa kuwa zenyewe huongeza ukavu huohuo. Diazepamu hutuliza, mpira wa mkojo humpumzisha kuliko mnavyodhani, na malaria bado ipimwe.

Yule baba alirudiwa na akili siku ya pili, akauliza nani kamleta. Mboni hubaki pana siku kadhaa baada ya fahamu kurudi, na macho hayaoni vizuri karibu wala kustahimili jua. Ufunguo wa pikipiki yake nilimwambia mkewe aufiche.