Hotuba ya kutangaza punguzo la wafanyakazi mbele ya watu wenye hasira

Swali: Mimi ni meneja mkuu wa kiwanda chenye wafanyakazi 140. Bodi imeamua nafasi 32 ziondolewe na zamu ya usiku ifungwe, kwa sababu mteja wetu mkubwa hakuongeza mkataba. Ijumaa jioni nitawatangazia wote. Afisa utumishi ameniandikia hotuba ya kurasa nne inayoanza na historia ya kampuni. Tetesi zimeshaenea, watu wamekasirika, na juzijuzi tulinunua magari mapya ya ofisi. Nisemeje bila kuwavunjia heshima, na mkutano usije ukanivunjikia mikononi?

Jibu: Ndugu meneja, kabla hatujafika kwenye maneno, badilisha siku. Ukitangaza Ijumaa jioni, watu wataondoka na maswali mfukoni, ofisi ya mishahara itakuwa imefungwa, na siku mbili nzima tetesi zitafanya kazi ambayo wewe ulipaswa kuifanya. Tangaza asubuhi, katikati ya wiki, mashine zikiwa zimezimwa. Kuzima mashine ni suala la usalama pia: mtu aliyetoka kuambiwa habari kama hiyo hapaswi kurudishwa mbele ya mkanda unaozunguka.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Ukishatamka kwamba kuna punguzo, kila aliyemo ukumbini anajiuliza swali moja tu: je, ni mimi? Mpaka alipate jibu hasikii kitu kingine, hata ukimweleza kwa lugha tamu kiasi gani. Kwa hiyo usiitishe mkutano kabla barua za watu wote 140 hazijawa tayari. Nimesema 140, sikusema 32. Ukiwapa barua wanaoondoka peke yao, kila bahasha inakuwa tangazo la hadhara, na wanaobaki wanakaa siku nzima wakisubiri mtu aje na karatasi. Kila mmoja apate bahasha yake: anayeondoka imweleze siku ya mwisho na hesabu yake, anayebaki imweleze kwamba nafasi yake ipo, na kama zamu yake inabadilika, iseme hivyo.

Wawakilishi wa wafanyakazi wawe wameshashirikishwa mapema. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unamtaka mwajiri awape wawakilishi sababu za punguzo, idadi na aina ya wafanyakazi watakaoguswa, na muda litakapofanyika, kisha ashauriane nao kuhusu njia za kulizuia au kulipunguza makali. Si kila nchi imeuridhia, lakini sheria nyingi za kazi zina masharti ya namna hiyo, na baadhi zinataka pia mamlaka ya kazi ipewe taarifa. Muulize mwanasheria wako muda unaotakiwa mahali ulipo. Kama mashauriano hayajafanyika, hotuba hii bado haina mahali pa kusimama, na mwakilishi atakuwa mtu wa kwanza kusimama kukuambia hivyo mbele ya wote.

Sasa kurasa nne za afisa utumishi. Ziweke kando. Historia ya kampuni ikitangulia, watu wanaokaa wakisubiri wanahisi wanachezewa, na hasira inapanda wewe ukiwa bado kwenye mwaka wa kuanzishwa. Ningekuandikia hivi:

“Asanteni kwa kufika. Nina habari mbaya na nitaisema moja kwa moja. Tunaondoa nafasi 32 za kazi hapa kiwandani: 18 za upakiaji, 8 za ghala na 6 za ofisi. Zamu ya usiku itafungwa mwisho wa mwezi ujao. Mteja aliyekuwa akichukua sehemu kubwa ya bidhaa zetu hakuongeza mkataba, na hatukupata mwingine wa kuziba pengo lake. Bodi ndiyo iliyoamua. Mimi nilikuwa mezani uamuzi ulipofanyika, na ninauwajibikia. Nafasi hizi haziondoki kwa sababu ya kosa la mtu yeyote aliyemo humu. Kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa tano, kila mmoja wetu ataitwa na msimamizi wake, faraghani, apewe barua. Wanaoondoka watalipwa notisi, kiinua mgongo na siku zote za likizo walizobakiza. Hesabu ya kila mtu imo ndani ya barua yake. Mashine hazitawashwa leo, na mshahara wa leo haukatwi. Nipo hapa kwa maswali.”

Ni dakika moja na nusu hivi. Mgawanyo wa nafasi nimeuweka kwa mfano, kwa hiyo weka wa kwenu. Isome kwenye karatasi bila aibu, maana hapa kosa la tarakimu moja ni balaa, kisha iweke karatasi chini maswali yakianza. Angalia kwamba idadi inakuja mwanzoni kabisa na sababu inafuata. Ukigeuza mpangilio huo, sababu inasikika kama utetezi. Angalia pia kwamba mtendaji yupo: “tunaondoa”, “nilikuwa mezani”. Sentensi za “imelazimu” na “hali imefanya” ndizo zinazowakera watu kuliko habari yenyewe, kwa sababu zinawaambia hakuna mtu wa kumuuliza.

Usiseme kamwe kwamba mmewabakiza wenye bidii. Punguzo linahusu nafasi, halihusu tabia ya mtu. Neno moja la namna hiyo linageuza jambo lote kuwa la nidhamu, na kwa hakika yupo atakayekuwa anakurekodi kwa simu. Vilevile acha kabisa “sisi ni familia moja”, kwa sababu familia haimpi mtu barua ya kuondoka.

Na usizungumzie uchungu wako. Desemba 2021 Vishal Garg, mkuu wa kampuni ya mikopo ya nyumba ya Better.com, aliwaachisha kazi watu wapatao 900 kwenye mkutano mmoja mfupi wa Zoom. Ujumbe wake ulieleweka vizuri sana. Lakini alisema pia kwamba mara ya mwisho alipofanya jambo kama lile alilia. Video ilisambaa, na baada ya siku chache akaomba radhi kwa namna alivyolitangaza. Anayepoteza riziki hana nafasi ya kukufariji wewe.

Tuje kwenye hasira. Mtu wa kwanza kupaza sauti mara nyingi huwa anasema kile ambacho wengine wamekinyamazia. Mwache amalize. Usimkatize, usimwambie atulie, na usimtazame mlinzi. Akimaliza, vuta pumzi, kisha jibu kilichomo ndani ya maneno yake, achana na ukali wake. Akisema, “Nyie wezi, mmetutumia kisha mnatutupa baada ya miaka kumi na minne!”, ndani yake mna swali: je, miaka yangu inahesabika? Jibu lake ni, “Miaka yako 14 imehesabiwa yote kwenye kiinua mgongo. Kama hesabu iliyo kwenye barua hailingani na kumbukumbu zako, ofisi ya mishahara iko wazi leo na kesho kwa kazi hiyo tu.” Neno wezi lipite. Ukisema “naelewa unavyojisikia”, utaulizwa kama na wewe barua yako ipo.

Mpaka wa kuvumilia hasira uwepo, lakini uwe mmoja: mtu akimtishia mwenzake au akimwandama msimamizi kwa jina, hapo unasimama na kusema, “Nitukane mimi, yeye usimguse, mwenye jukumu hili ni mimi.”

Swali la magari litakuja, tena mapema, kwa hiyo nenda nalo ukiwa na ukweli wake. Tafuta tarehe: yaliagizwa kabla au baada ya kujua mteja anaondoka? Kama ni kabla, sema tarehe na uishie hapo. Kama ni baada, kubali kwanza: “Ndiyo, tuliyanunua tukiwa tayari tuna wasiwasi na mkataba ule. Una haki ya kuuliza.” Kisha eleza kinachofanyika kuhusu magari hayo, kama kipo. Najua utatamani kupiga hesabu kuonyesha kwamba bei ya magari isingelipa mishahara ya watu 32 hata kwa mwaka. Huenda ni kweli, lakini ukianza nayo utaonekana unawafundisha hesabu watu unaowaachisha kazi. Iweke akiba mpaka mtu aiulize. Ushauri wangu wa pembeni, ambao bodi haitaupenda: uzeni angalau moja kabla ya mkutano. Hakuna sentensi itakayofanya kazi kama hiyo.

“Kwa nini mimi na si fulani?” likiulizwa hadharani, taja vigezo, usitaje alama za mtu. Vigezo viwe vilevile mlivyojadiliana na wawakilishi: kwa mfano ujuzi wa mashine zinazobaki, na pale watu wanapolingana, muda kazini. Mwambie mhusika kwamba alama zake ataonyeshwa faraghani na ana haki ya kuzipinga, umtajie na mtu wa kupokea pingamizi na siku ya mwisho. Meneja anayeshindwa kutamka vigezo kwa sentensi mbili kwa kawaida hana vigezo, ana orodha ya majina.

Swali la hatari kuliko yote huja kwa sauti ya chini, na huulizwa na wanaobaki: je, kuna awamu nyingine? Utasikia ulimi unakuwasha useme “hapana, hii ni ya mwisho.” Usiseme, labda uwe na maandishi ya bodi. Sema: “Leo hakuna mpango mwingine mezani. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo. Hesabu za robo mwaka zikitoka nitawaita na kuwaambia zinasemaje, ziwe nzuri au mbaya.” Taja tarehe, uiandike ubaoni. Ukiahidi bure, kisha wakaondoka hata watu watano miezi mitatu baadaye, hotuba yako inayofuata haitasikilizwa na mtu.

Usilolijua, sema hulijui na lini utalijibu, na mtu mwingine aandike swali hilo palepale wote wakiona. Usimpokeze afisa utumishi kipaza sauti maswali yakipamba moto. Watu wataona umejificha nyuma yake. Atoe ufafanuzi wa malipo ukimwomba, basi. Ukiona swali lilelile linarudi mara ya tatu kwa maneno mengine, ama umelijibu kwa kukwepa ama wanachosubiri sasa ni barua. Hapo funga mkutano.

Wasimamizi nao wajue saa moja kabla, wala isiwe siku moja kabla, maana siri ya namna hii hailali. Wape karatasi yenye maneno yaleyale uliyosoma wewe, ili mtu asisikie ghalani habari tofauti na ya ukumbini. Msimamizi ambaye nafasi yake mwenyewe inaondoka apewe barua yake kwanza, na kazi ya kugawa barua za wenzake apewe mtu mwingine.

Barua zikishatolewa usipande gari kuondoka. Kaa ofisini mlango ukiwa wazi mpaka zamu iishe. Wengi hawatakuja, na kati ya watakaokuja, wengine watakuwa na makosa halisi kwenye hesabu zao, na hayo yarekebishwe kwa maandishi siku hiyohiyo.