Delta ikisogea, ninunue lini?

"Niko Lubumbashi, niliuza opsheni za kununua shaba, tani 1,000. Nikirekebisha kila siku shaba ninayoshika kama kinga, gharama zinanimaliza. Nisubiri delta isogee kiasi gani?"

Ndugu, acha kalenda, weka mpaka. Tuseme delta, yaani sehemu ya tani ulizouza unayopaswa kushika kama kinga, ilikuwa 0.50, unashika tani 500, na mpaka ni 0.05 kila upande. Bei ikipanda delta ifike 0.60, usikimbilie tani 600. Nunua 50 tu, yaani mikataba 2 ya soko la metali la London ya tani 25, ufike ukingoni, tani 550. Pale gharama inapokwenda na kiasi, kurudi katikati ni kulipa bure. Ada ikiwa moja kwa kila oda, ndipo usogee ndani zaidi.

Gharama ikizidi mara 8, mpaka hupanuka mara 2 tu, maana hufuata mzizi wa tatu. Lakini angalia gama, yaani kasi ya delta kubadilika, siku za mwisho za opsheni, bei ikikaribia ile iliyokubaliwa kwenye opsheni: delta inaweza kuruka mpaka wote usiku mmoja. Hapo ni afadhali ununue tena sehemu ya opsheni zenyewe.