Nyanya Haikubadilika, Kamera Ndiyo Iliyobadilika

Mama mmoja anayeuza nyanya huku Githurai hupokea kreti kutoka Kirinyaga alfajiri, kisha huzichambua kwa mkono mafungu matatu: mbichi za kukaa siku kadhaa, zinazogeuka, na zilizoiva za kuuzwa leo leo. Nilimjengea mashine ya kumpunguzia kazi hiyo: mkanda mdogo, kamera juu yake, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayoendesha OpenCV, programu ya kuchambua picha, na mota mbili za kusukuma nyanya kando. Saa moja asubuhi ilifanya kazi vizuri hata nikajisifu. Kufikia saa sita Mama aliniita: "Kijana, hii mashine yako inaona nyanya zilizoiva hazijaiva mchana tu?"

Banda lake limeezekwa kwa mabati, na karatasi mbili za plastiki zimewekwa kati yake ili kupitisha mwanga. Mawingu ya Nairobi yakifunguka, doa la jua linatambaa juu ya mkanda. Kwa hiyo nililaumu jua, nikaanza kurekebisha vipimo kwenye programu: vya asubuhi, vya mchana, vya jioni. Usipite njia hiyo. Nilipoteza wiki mbili nikiongeza vipimo ambavyo wingu moja lilivivuruga.

Kilichonisaidia ni kuacha kubahatisha na kupima. Nilichukua kifuniko cha chupa cha rangi ya machungwa, nikakigandisha chini ya kamera, nikaandika rangi yake kila baada ya sekunde 10 siku nzima. Usitumie nyanya kwa jaribio hili, maana nayo inaendelea kuiva. Katika HSV, mfumo unaotenganisha aina ya rangi na ukolevu na mwangaza wake, OpenCV huandika aina ya rangi kwenye duara kwa namba kuanzia 0 hadi 179. Kifuniko changu kilisoma 8 asubuhi, 14 saa sita, na 6 jua lilipoanza kushuka. Mpaka niliokuwa nimeweka kati ya nyanya iliyoiva na inayogeuka ulikuwa 11. Yaani kitu kilekile kilivuka mpaka na kurudi bila kuguswa na mtu.

Basi nikafunika. Fundi wa Kamukunji alinikunjia sanduku la bati lisilo na sakafu, nikalipaka rangi nyeupe isiyong'aa ndani, na mapazia ya mpira mweusi pande mbili ambapo mkanda unaingia na kutoka. Ndani niliweka ukanda wa taa za LED za volti 12, umeelekezwa kwenye kuta ili mwanga urudi ukiwa umetawanyika. Ukimulika nyanya moja kwa moja, ngozi yake inang'aa doa jeupe, na doa hilo halina habari yoyote ya rangi.

Nilidhani nimemaliza. Nilirudisha kifuniko, safari hii pembeni mwa mkanda, ndani ya sanduku lililofungwa, taa ileile. Bado namba zilicheza! Kreti ya nyanya zilizoiva ilipopita, kifuniko kilionekana kimepauka. Nyanya za kijani zilipopita, kikawa chekundu zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mkosaji wa pili alikuwa kamera yenyewe.

Kamera ya kawaida imetengenezwa ipige picha za kupendeza watu, si kupima. Inakisia rangi ya mwanga kwa kutazama picha nzima, na mara nyingi inachukulia kwamba ukichanganya rangi zote za picha utapata kitu kinachokaribia kijivu. Ukiijaza fremu nyanya nyekundu, inaamini kwamba taa ndiyo nyekundu, kisha inapunguza wekundu. Tunda lenyewe ndilo linaharibu kipimo chake. Vilevile, mkanda mweusi ukiwa mtupu, kamera inaongeza muda wa kupokea mwanga, na nyanya ya kwanza kuingia inatokea imeungua kwa weupe.

Dawa yake ni kuzima akili hiyo yote. Weka karatasi ya kijivu ndani ya sanduku, taa ikiwa imewaka dakika chache, acha kamera ijirekebishe mara moja, kisha soma namba ilizochagua kwa `cam.capture_metadata()["ColourGains"]` na uzifunge. Zangu zilikuwa hivi, zako zitatofautiana:

```python
cam.set_controls({
    "AeEnable": False,
    "AwbEnable": False,
    "ExposureTime": 10000,
    "AnalogueGain": 2.0,
    "ColourGains": (1.9, 1.6),
})
```

Hiyo 10000 ni mikrosekunde, yaani milisekunde 10, na sikuichagua ovyo. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, na taa duni inayoitegemea hupepesa mara 100 kwa sekunde. Milisekunde 10 hukamata mpepeso mmoja mzima, kwa hiyo kila picha inapata kiasi kilekile cha mwanga. Mkanda ukienda sentimita 20 kwa sekunde, nyanya husogea milimita 2 tu katika muda huo, jambo lisilodhuru.

Mtego mmoja wa Picamera2, maktaba ya Python inayoendesha kamera ya Pi, ulinichekesha: ukiomba picha ya aina ya `RGB888`, safu unayopata ina mpangilio wa BGR, yaani buluu kwanza na nyekundu mwisho, ambao OpenCV inautaka tayari. Mimi niliugeuza tena, nikapata nyanya za buluu.

Baada ya hapo niliacha HSV kwa ajili ya uamuzi wenyewe. Wekundu umekaa kwenye mshono wa duara lake: 178 na 2 zote ni nyekundu, lakini wastani wake ni 90, rangi ya samawati. Katika Lab, mfumo mwingine wa rangi, namba ya `a` hutoka kijani kwenda nyekundu kwa mstari mmoja, na 128 ndiyo katikati. Nyanya inapoiva hupanda tu. Natumia wastani wa kati badala ya wastani wa kawaida, ili madoa ya mng'ao yasivute jibu:

```python
lab = cv2.cvtColor(picha, cv2.COLOR_BGR2LAB)
a = np.median(lab[:, :, 1][barakoa > 0])
```

Barakoa ni pikseli za nyanya pekee. Nilibadilisha mkanda ukawa wa buluu usiong'aa, rangi ambayo nyanya haifikii katika hatua yoyote, na kuitenganisha kukawa rahisi.

Limebaki tatizo dogo. Stima ikipotea, taa huhamia kwenye betri, na betri inavyoshuka taa hufifia. Kwa hilo nimepaka kiraka cha kijivu kwenye kona ambayo kamera huiona daima. Programu hukipima katika kila picha na kuzidisha rangi zote ili kirudi kwenye thamani ya asubuhi. Kisiwe cheupe pe, maana kikifika 255 hakiwezi tena kukuambia kama mwanga umezidi. Kikishuka zaidi ya sehemu moja ya kumi, sirekebishi, nasimamisha mkanda. Mara nyingi ni vumbi kwenye lenzi, na kitambaa kinatosha.

Kamera moja huona upande mmoja tu, kwa hiyo nyanya nyekundu juu na kijani chini bado hupita kama iliyoiva. Mama huzitoa mwenyewe mwishoni mwa mkanda. Ameniuliza kama mashine itachambua pia maembe ya apple. Nimemkatalia: wekundu wa embe hilo hutokana sana na jua lililopiga tunda mtini, na linaweza kuwa jekundu likiwa bado gumu. Hayo anaendelea kuyabonyeza kwa kidole.