Anza na Molekuli Unayoitaka, Kisha Rudi Nyuma

Nilipopewa kutengeneza 4,4-difenilibut-3-en-2-oni, nilikimbilia maabara kabla ya kumaliza hesabu yangu ya karatasini, na kosa hilo likanigharimu wiki nzima.

Karatasini nilikuwa nimeanza vizuri. Kifungo maradufu kilicho jirani na ketoni hupatikana kwa kuondoa maji kwenye alkoholi, kwa hiyo nikarudi hatua moja nyuma: kaboni yenye OH na fenili mbili. Kaboni ikibeba makundi mawili yanayofanana namna hiyo, mimi huwaza esta iliyoshambuliwa mara mbili na kitendanishi cha Grignard. Nikakata fenili zote mbili, ikabaki ethili asetoasetati, esta yenye ketoni ndani yake na kemikali rahisi kupata. Hapo nikaridhika.

Nikamimina PhMgBr, yaani Grignard ya fenili, moja kwa moja. Ikatoka mashapo meupe, na mwishoni nikarudishiwa esta yangu ilivyokuwa. Wengi hudhani tatizo ni ketoni kushambuliwa kabla ya esta. Hilo lipo, lakini hapa kuna kubwa zaidi: hidrojeni zilizo kati ya kabonili mbili zina pKa ya karibu 11, yaani hung'oka kwa urahisi mbele ya besi kali, hivyo Grignard hufanya kazi ya besi tu, huzing'oa na kugeuka benzini.

Dawa ni kuificha ketoni, na kinga huchaguliwa kwa kuangalia pia jinsi itakavyoondolewa. Nilichagua asetali ya ethileni glikoli kwa sababu huvumilia besi kali na huvunjwa na asidi. Asidi hiyohiyo ndiyo ninayoihitaji mwishoni kuondoa maji, kwa hiyo kuvua kinga hakuongezi hatua.

Nilichemsha gramu 13 za esta (moli 0.1) na glikoli ndani ya toluini, na asidi ya p-toluinisulfoniki kidogo, kwenye mtego wa Dean-Stark. Mmenyuko huu hutoa takriban mililita 1.8 za maji, na mtego unaonyesha ulipofika. Yakizidi kidogo usishangae, glikoli huja na unyevu wake. Kisha osha kwa bikaboneti na maji mara kadhaa, ukaushe vizuri. Usiharakishe hapa: kila molekuli ya glikoli iliyobaki ina OH mbili, na kila moja hula Grignard yako.

Sasa PhMgBr, zaidi kidogo ya moli mbili kwa kila moli ya esta. Ukiweka moja tu hutapata nusu ya kazi, kwa kuwa ketoni inayozaliwa katikati ni kali kuliko esta na hushambuliwa kwanza. Zima kwa ammoniamu kloridi baridi, kinga isivuliwe ovyo.

Mwishowe pasha moto kwenye asetoni yenye asidi hidrokloriki. Kwenye infraredi, kilele cha esta cha karibu 1740 cm⁻¹ kiwe kimetoweka na kipya kionekane karibu 1660, mahali pa ketoni iliyoungana na kifungo maradufu. Ukiona bado kuna OH pana, asidi haijamaliza, iongezee muda.