Baada ya kufoka: jinsi mwenye wasiwasi anavyoweza kurudiana na watu wa nyumbani

Mtu anayeishi na wasiwasi kwa muda mrefu si lazima aonekane akitetemeka au akilia. Mara nyingi hufoka. Katika kituo cha afya ninapofanya kazi ya uuguzi hapa Bukavu, watu huja wakilalamikia kichwa, tumbo au kukosa usingizi, na nikiuliza habari za nyumbani, ndipo mke au mume aliyewasindikiza anaposema kwamba siku hizi hakuna anayethubutu kumuuliza mgonjwa swali. Jambo hilo nimelikuta pia ndani ya nyumba yangu. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na mwaka 2025, vita vilipofika mjini mwezi wa Februari na benki zikafunga milango, mshahara ukawa kitu cha kukisia. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike haya, kwa sababu tunawajua wazazi wengi walio katika hali hiyo ambao wanajiona kuwa watu wabaya, hali kumbe ni watu waliochoshwa na hofu.

Wepesi wa kukasirika umo katika dalili ambazo madaktari huzitafuta wanapochunguza ugonjwa wa wasiwasi, pamoja na misuli kukazana, uchovu, usingizi mbovu, mwili kutotulia na akili kushindwa kukaa kwenye jambo moja, hasa pale hali hiyo inapoendelea kwa miezi 6 au zaidi. Sababu yake iko mwilini. Anayehofia jambo lisilo na mwisho unaojulikana huishi akiwa tayari kupambana: adrenalini huongezeka, moyo hudunda haraka, taya na mabega hukaza, na masikio hupokea kila sauti kama ya hatari. Katika hali hiyo swali dogo la mtoto humfikia kama dai jipya juu ya madai ambayo tayari yamemshinda, naye hujibu kwa nguvu isiyolingana kabisa na swali lenyewe. Ndiyo maana ukali wa namna hii huwaangukia wale walio karibu. Mbele ya mkuu wa shule mtu hujizuia mchana kutwa, na kujizuia huko humchosha. Akifika nyumbani, mahali anapojua kwamba hatafukuzwa, kizuizi hulegea.

Nitaeleza jioni moja, kwa kuwa ndani yake mna karibu yote ninayotaka kusema.

Mume wangu alikuwa amerudi kwa miguu kutoka Kadutu, alikokwenda kumwona mtu aliyeahidi kumkopesha fedha, na mtu yule hakuonekana. Kabla hajaketi, binti yetu mwenye umri wa miaka 9 akamwambia habari za ada ya shule, “Papa, mwalimu amesema asiyelipa minervali kesho asije.” Akamfokea kwamba katika nyumba hii kila mtu anajua kuomba tu, na kwamba anamchosha. Mtoto alinyamaza, akaenda kukaa jikoni karibu na mbabula. Kaka yake, mwenye miaka 15, akamtazama baba yake kwa jicho kali, kisha akatoka nje.

Dakika chache baadaye mume wangu aliinuka kwenda kuomba msamaha, nami nikamwomba asubiri. Nilikuwa nimeona kwamba taya lake bado limekaza na pumzi zake ni fupi. Msamaha unaoombwa mwili ukiwa bado katika hali ya mapambano huharibika katikati: mtu huanza na “nisamehe,” mtoto asipojibu upesi, yule yule aliyeomba hufoka tena kwa kuwa amehisi amekataliwa. Mwili uliopanda namna hiyo huhitaji angalau dakika 20 ili ushuke, na wengine huhitaji saa nzima. Kipimo rahisi ni mshipa wa mkononi: ukiwa umeketi na bado unahesabu mapigo yanayozidi 100 kwa dakika, wakati wa kusema haujafika. Dalili nyingine, ambayo mimi huiamini zaidi, ni kwamba bado unatafuta moyoni maneno ya kuthibitisha kuwa ulikuwa na haki.

Kwa hiyo kuna jambo la kusema kabla ya kujitenga, nalo ni fupi: “Nimesema kwa ukali. Natoka kidogo nitulie, nitarudi tuzungumze kabla ya kula.” Bila kutaja kurudi, kuondoka kwako kutamwogopesha mtoto kuliko kelele zenyewe, na mwenzako atakusoma kama mtu aliyenuna. Na ukitaja wakati, utimize. Huko nje usirudierudie kisa kichwani, kwa kuwa kila unapokirudia mwili hupanda upya. Tembea, teka maji, pasua kuni, au keti ukitoa pumzi polepole kiasi kwamba kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Mume wangu alikwenda kujaza madumu ya maji.

Aliporudi, aliketi kwenye kigoda jikoni, macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akasema: “Nilikufokea na kukuambia kwamba unanichosha. Ulileta ujumbe wa mwalimu, na hivyo ndivyo unavyopaswa kufanya. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya fedha, na hofu hiyo si kosa lako. Nisamehe. Kesho nitakwenda nawe shuleni kuongea na mwalimu.” Kisha akanyamaza. Mtoto aliuliza kama atafukuzwa. Akamjibu ukweli, kwamba hajui, lakini wataenda pamoja.

Tazama yaliyomo katika maneno hayo. Ametaja kitendo chenyewe, maana “kama nimekukosea” humwachia mtoto kazi ya kuthibitisha kwamba kweli amekosewa. Ameiondoa lawama mabegani mwa mtoto waziwazi, jambo ambalo kwa watoto wadogo ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu mtoto asipoelezwa sababu ya hasira ya mzazi hujitwika lawama yeye mwenyewe. Ameitaja hofu kwa sentensi moja tu. Ameahidi jambo dogo lililo ndani ya uwezo wake. Angeahidi kwamba hatafoka tena kamwe, ahadi hiyo isingefika Jumapili. Na hakuna neno “lakini.” Ukisema “nisamehe, lakini nanyi mnajua hali yangu,” kilichobaki masikioni mwao ni lawama.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wenye wasiwasi ni la upande wa pili: wanaomba msamaha kupita kiasi. Wanalia, wanasema wao ni wazazi wabaya, wanarudia jambo hilo mara tatu kabla ya kulala na kuuliza kila mara, “Bado umenikasirikia?” Mtoto huishia kumbembeleza baba au mama, na yule aliyeumizwa anageuka kuwa mganga. Huo ni wasiwasi ule ule, umebadilisha sauti tu: kwanza ulifoka, sasa unatafuta kuhakikishiwa. Sema mara moja, vizuri, halafu vumilia ile hali ya kutojua kama umesamehewa. Najua ni vigumu. Kwa mtu mwenye wasiwasi, kuvumilia hapo ndiyo kazi yenyewe.

Kuna pia nyumba ambazo msamaha hauombwi kwa maneno. Baba hurudi na mkate au biskuti, na kila mtu anaelewa. Siidharau njia hiyo, nimekulia ndani yake. Hata hivyo biskuti haimwambii mtoto kwamba hakukosea, na watoto wengi niliozungumza nao kituoni walikuwa wamekula zawadi hizo huku wakiendelea kuamini kwamba wao ndio mzigo wa nyumba. Wazee wengine husema kuwa mzazi akiomba msamaha hupoteza heshima. Mimi sijaona hivyo nyumbani kwangu wala kwa jirani. Ninachokiona ni watoto kumficha mzazi habari za shule mpaka mambo yameharibika, kwa kuwa wanamwogopa.

Kwa mwenzi wa ndoa mambo hutofautiana kidogo, kwa sababu mtu mzima anahitaji kujua mengi zaidi. Mimi sikuridhika na “nisamehe, mama,” mpaka nilipojua kiasi tunachodaiwa na tunadaiwa na nani. Tulikubaliana kwamba fedha hazizungumzwi mlangoni. Anayerudi hupewa nafasi ya kunawa, kuketi na kunywa maji, na mazungumzo ya minervali, kodi ya nyumba na madeni huja baada ya bugali, watoto wadogo wakishalala, karatasi na kalamu vikiwa mezani. Watoto nao wanajua kwamba ujumbe wa shule huwekwa kwanza juu ya kabati, na kwamba utasomwa usiku huo huo. Utaratibu huu umezuia magomvi mengi kuliko msamaha wowote, kwa sababu uliigusa saa ile mbaya yenyewe. Tafuta saa ya nyumba yako. Kwa wengine ni alfajiri, kwa wengine ni pale simu inapoita.

Kabla ya kuliita jambo lote wasiwasi, pima mwili. Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi huleta hasira, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kukonda ingawa mtu anakula, na hutambuliwa kwa kipimo cha damu. Usiku wa saa 4 za usingizi, kahawa nyingi, pombe ya jioni ambayo nguvu yake huisha usiku wa manane, na baadhi ya dawa, kwa mfano salbutamoli ya pumu, vinaweza kuongeza hali hiyo. Hali ikizidi kuharibu kazi na usingizi, hapa Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili ambako mtu huongea na wataalamu, na kwenda huko hakumaanishi kuwa umerukwa na akili.

Kuna pia mpaka. Ukali unaofuatana na kupiga, kutishia, kuvunja vitu au kumnyima mtu fedha na uhuru wa kutoka hautibiwi kwa kigoda na maneno mazuri. Msamaha unaorudiwa kila wiki huku kipigo kikiendelea unamfunga yule anayepigwa, na kwake shauri langu la kwanza ni kutafuta usalama kwa ndugu au jirani anayeaminika.

Kijana wetu wa miaka 15 hakusamehe jioni ile. Baba yake alimfuata uani, akamwambia kwamba alichomfanyia dada yake hakikuwa haki, na kijana akajibu, “Unasema hivyo kila mara.” Hapo ndipo wazazi wengi hukasirika upya. Mume wangu alimjibu, “Ni kweli, nimeshasema hivyo na nikarudia,” akamweleza mpango wa kuweka ujumbe juu ya kabati, akamwomba amkumbushe siku atakapomwona ameingia na uso wa hasira. Yapata wiki tatu baadaye, jioni moja yenye mvua, kijana alimpokea baba yake mlangoni akamwambia, “Papa, kaa kwanza.” Akakaa.